Mabirika 125 kati ya 3,000: kutafsiri ripoti ya ukaguzi kwa mnunuzi wa Kariakoo

Ripoti ya ukaguzi wa mzigo kabla haujapakiwa melini hubeba hukumu yake juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene: mzigo umepita, au haukupita. Mnunuzi husoma hapo kwanza, na mara nyingi husoma hapo tu, kwa sababu ndipo panapomwambia kama amalizie malipo au azuie fedha zake. Mimi huwatafsiria ripoti hizi wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa kutoka Uchina, na nimefika mahali pa kuamini kwamba sehemu inayostahili jasho la mfasiri ni ile mistari michache ya herufi ndogo inayoeleza sampuli ilichukuliwaje na kasoro zilihesabiwaje. Hukumu ya juu ina nguvu kwa kadiri mistari hiyo inavyoiruhusu, wala si zaidi.

Nitatumia ripoti moja kueleza, na majina ya wahusika nimeyaacha. Mteja wangu ni mama mwenye duka la vyombo vya umeme Kariakoo. Aliagiza mabirika ya umeme 3,000 ya lita 1.7, yale ambayo wateja wake wengi huyaita majagi ya umeme, kutoka kiwanda kimoja cha mkoa wa Guangdong. Yalifungashwa 12 kwa katoni, yaani katoni 250 kwa jumla. Alikwisha kulipa asilimia 30 ya bei, na asilimia 70 iliyobaki ilikuwa inasubiri ripoti ya kampuni ya ukaguzi aliyoiajiri mwenyewe, isiyo ya kiwanda wala ya wakala. Niseme mapema kwamba ripoti ya aina hii ni tofauti na cheti cha ulinganifu kinachohusu Shirika la Viwango Tanzania. Cheti kinaangalia kama bidhaa inakidhi viwango vya nchi. Ripoti hii ni ya mnunuzi binafsi, na inaangalia kama alichoagiza ndicho kilichotengenezwa.

Mstari wa sampuli ulisema hivi, nikiuweka kwa Kiswahili nilichomwandikia: ukaguzi umefanywa kwa kufuata kiwango cha ISO 2859-1, kwa mpango wa sampuli ya mkupuo mmoja, kwa ukali wa kawaida, katika ngazi ya jumla ya II. Kila kipande cha sentensi hiyo kinabeba jambo. Mkupuo mmoja maana yake ni kwamba uamuzi unatokana na sampuli iliyochukuliwa mara moja, bila nafasi ya kuchukua nyingine pale matokeo yanapokuwa ya kutilika shaka. Kwenye ukali, sikuandika tu "ukaguzi wa kawaida", kwa sababu msomaji angedhani unasemwa ukaguzi wa kila siku, usio na jambo maalumu, hali kiwango hicho kina ukali wa aina tatu, yaani wa kawaida, uliokazwa na uliolegezwa, na kila aina ina jedwali lake. Ngazi ya II ndiyo inayotumika pale ambapo mnunuzi hakuomba nyingine, na ndiyo inayoamua ukubwa wa sampuli: fungu lenye vipande kati ya 1,201 na 3,200 hupewa herufi K kwenye jedwali, na herufi K maana yake ni vipande 125.

Nimetumia neno "fungu" kwa makusudi, wala si "shehena". Shehena ni kile kitakachoingia kwenye kontena. Fungu ni kile ambacho hukumu ya mkaguzi inakihusu, na viwili hivyo vinaweza kutofautiana, kama vilivyotofautiana hapa. Ripoti ilieleza kwamba siku ya ukaguzi mabirika 2,640 yalikuwa yamekwisha kufungashwa, yaani katoni 220, na 360 yaliyobaki yalikuwa bado kwenye mstari wa uzalishaji. Hilo ni la kawaida, maana kampuni nyingi za ukaguzi hukubali kuanza kazi pale angalau asilimia 80 ya mzigo inapokuwa imefungashwa. Lakini maana yake ni kwamba mabirika 360 hayakuwa na nafasi hata kidogo ya kuchaguliwa. Mkaguzi alifungua katoni 15 kati ya 220, kwa desturi ya kutumia kipeuo cha pili cha idadi ya katoni, na humo ndimo akatoa mabirika 125. Katika tafsiri niliacha namba zote nne, 3,000, 2,640, 220 na 15, kila moja mahali pake, ingawa ilifanya sentensi iwe ndefu. Mfasiri anayeandika "sampuli 125 zilichukuliwa kutoka kwenye mzigo wa 3,000" ameandika sentensi nyepesi isiyo ya kweli.

Mteja wangu alilielewa jambo hili haraka, kwa kuwa alikulia kwenye biashara ya nafaka. Mnunuzi wa mchele huchoma gunia kwa bambo, akatazama punje zilizoingia humo, na kwa punje hizo akahukumu gunia zima. Anajua pia kwamba bambo halikugusa chini, wala halikugusa gunia la jirani. Nilipomwambia hivyo, akaniuliza swali lililokuwa sahihi kabisa: "Sasa mwanangu, hawa walichoma magunia mangapi, na nani aliwachagulia ya kuchoma?" Ripoti ilijibu swali la pili kwa kifungu kimoja, kwamba katoni zilichaguliwa na mkaguzi mwenyewe kutoka pande zote za rundo. Kifungu hicho nacho hakipaswi kupotea katika tafsiri, kwa sababu katoni zilizochaguliwa na kiwanda haziwezi kumwambia mnunuzi lolote kuhusu zile ambazo kiwanda hakikuzichagua.

Sehemu iliyonichukua muda zaidi ni ile ya herufi tatu, AQL, kifupi cha jina la Kiingereza "acceptance quality limit". Ripoti ilizitaja pamoja na namba mbili, 2.5 kwa kasoro kubwa na 4.0 kwa kasoro ndogo, na ikasema kwamba kasoro ya hatari hairuhusiwi kabisa. Tangu toleo la mwaka 1999 la ISO 2859-1, neno la mwisho katika jina hilo lilibadilishwa kutoka lile lenye maana ya kiwango kuwa lile lenye maana ya kikomo, na badiliko hilo linamsaidia mfasiri wa Kiswahili, kwa sababu tafsiri iliyozoeleka ya "kiwango cha ubora kinachokubalika" humfanya mnunuzi aamini kwamba asilimia 2.5 ya mabirika mabovu ni kitu alichokwisha kukubaliana nacho. Mimi huandika "kikomo cha ubora cha kukubalia fungu", kisha naweka maelezo chini ya ukurasa. Kiwango chenyewe kinasema wazi kwamba kutaja AQL hakumpi msambazaji haki ya kupeleka kwa kujua hata kipande kimoja chenye kasoro, na hilo nalo naliandika.

Ugumu ni kueleza 2.5 inafanya kazi gani. Namba hiyo haiwekwi moja kwa moja kando ya matokeo ya sampuli. Inapelekwa kwenye jedwali, na kwa herufi K jedwali linarudisha namba mbili: 7 ya kukubali na 8 ya kukataa. Mabirika yenye kasoro kubwa yakiwa 7 au pungufu katika 125, fungu linakubaliwa. Yakifika 8, linakataliwa. Katika ripoti hii yalionekana 6, kwa hiyo kwa upande wa kasoro kubwa fungu lilipita. Mteja wangu, ambaye hesabu haimpigi chenga, alichukua 6 akaigawanya kwa 125 akapata asilimia 4.8, akaniuliza inakuwaje 4.8 ipite penye kikomo cha 2.5.

Hakukuwa na kosa, si kwake wala kwenye ripoti. Jedwali limetengenezwa ili kiwanda ambacho kweli kina asilimia 2.5 ya vipande vibovu kisikataliwe kwa bahati mbaya ya sampuli. Kwa vipande 125 na kikomo cha 7, fungu lenye ubovu wa asilimia 2.5 hupita takriban mara 98 katika kila 100. Ulinzi huo ni wa mzalishaji. Ukiligeuza swali na kuuliza mnunuzi analindwa vipi, jibu halifurahishi: fungu lenye ubovu wa asilimia 6, yaani mabirika 180 kati ya 3,000, bado lina nafasi ya kupita inayozidi kidogo nusu. Inabidi ubovu ufike karibu asilimia 10 ndipo nafasi ya kupita ishuke hadi mara 6 au 7 katika 100. Na AQL ilikusudiwa mnunuzi anayepokea mafungu mfululizo kutoka kiwanda kilekile, ambapo mafungu mawili yakikataliwa katika matano au pungufu yanayofuatana, ukaguzi unahamia kwenye jedwali lililokazwa. Mnunuzi wa kontena moja kwa mwaka hanufaiki na kanuni hiyo ya kukaza, kwa kuwa hana mfululizo.

Je, haya ni kazi ya mfasiri? Ndani ya tafsiri yenyewe, hapana. Tafsiri inabeba 2.5, 7, 8 na 6, na inaishia hapo. Lakini mimi huambatisha barua ya maelezo iliyotenganishwa wazi na ripoti, yenye jina langu juu yake, ili mtu yeyote atakayeisoma ajue maneno ya mkaguzi ni yapi na yangu ni yapi. Sioni uungwana katika kumkabidhi mtu ukurasa wenye maneno ya lugha yake ambao bado hawezi kuutumia kuamulia fedha zake.

Kwa majina ya makundi matatu ya kasoro nimetulia kwenye kasoro ya hatari, kasoro kubwa na kasoro ndogo, kwa kuwa ndiyo maneno ambayo wafanyabiashara wenyewe huyatumia. Yanahitaji fasili mwanzoni mwa ripoti, kwa sababu "kubwa" na "ndogo" humpeleka msomaji kwenye ukubwa anaouona kwa macho. Mkwaruzo wenye urefu wa kidole kwenye kitako cha birika, mahali pasipoonekana, ni kasoro ndogo. Swichi isiyojizima maji yakichemka haionekani kwa macho, na hiyo ni ya hatari. Fasili niliyoandika ilisema kwamba kasoro ya hatari ni ile inayoweza kumdhuru mtumiaji au kuvunja sheria, kubwa ni ile inayoweza kuifanya bidhaa isifanye kazi yake au isiuzike, na ndogo ni ile inayotoka nje ya makubaliano bila kuathiri matumizi.

Matokeo yenyewe yalikuwa haya. Kasoro ya hatari haikuonekana hata moja. Kasoro kubwa zilikuwa kwenye mabirika 6: mawili yalivuja kwenye kidirisha cha kuonyeshea kiasi cha maji, matatu yalikuwa na mfuniko usiofunguka kwa kitufe, na moja taa yake haikuwaka. Kasoro ndogo zilikuwa kwenye mabirika 12: saba yalikuwa na mikwaruzo, matatu yalikuwa na gundi iliyoganda, na mawili yalikuwa na lebo iliyobandikwa kombo. Kwa kikomo cha 4.0, jedwali linakubali 10 na kukataa 11. Kwa hiyo hukumu ya juu ya ukurasa ilikuwa kwamba fungu halikupita, na zilizoliangusha zilikuwa kasoro ndogo: mikwaruzo, gundi na lebo.

"Kubwa zimepita, ndogo zimekwama," alisema mama kwenye simu. "Hapo wamehesabu vipi?"

Nilimweleza kwamba kila kundi lina kikomo chake na hayajumlishwi, na kwamba kundi moja likikwama fungu zima limekwama. Nilimweleza pia kwamba kinachohesabiwa ni birika na si kasoro: birika linalovuja likiwa pia na mkwaruzo huandikwa mara moja tu, kwenye kundi zito zaidi. Katika Kiswahili ni rahisi mno kuandika "kasoro 6" mahali ambapo ripoti imekusudia "mabirika 6 yenye kasoro kubwa", na anayesoma "kasoro 6" anaweza kudhani ni birika moja lililoharibika sana. Kwa sababu hiyo katika jedwali la matokeo naandika kichwa cha safu kwa urefu wake: idadi ya vipande vyenye kasoro kubwa.

Kisha akaniuliza kuhusu yale mawili yaliyovuja. Maji yanayovuja kwenye birika lililokaa juu ya kitako chenye umeme, vipi yawe kasoro kubwa tu na si ya hatari? Swali lilikuwa la haki, na mimi mwenyewe, kama ingekuwa fedha yangu, ningeyaweka kwenye hatari. Lakini orodha ya kasoro na makundi yake iliambatishwa kwenye oda ya ukaguzi, naye aliidhinisha orodha ya kawaida ya kampuni bila kuibadilisha. Mfasiri hana ruhusa ya kuhamisha kasoro kutoka kundi moja kwenda jingine, hata akiwa na uhakika, kwa sababu akifanya hivyo kiwanda kitakuwa na ripoti ya Kiingereza inayosema jambo moja na mnunuzi atakuwa na ya Kiswahili inayosema jingine, na katika mabishano ya malipo ile ya Kiswahili haitamsaidia. Nilichoweza kufanya ni kuandika kwenye barua yangu kwamba kundi la kasoro hii liliamuliwa na orodha ile, na kwamba orodha inaweza kubadilishwa kabla ya ukaguzi, si baada yake.

Sentensi ninayoilinda kuliko zote ni ile ya kasoro za hatari. Ripoti haikusema kwamba mabirika hayana kasoro ya hatari. Ilisema kwamba haikuonekana kasoro ya hatari katika sampuli iliyokaguliwa. Kiswahili cha haraka kinaweza kuifupisha kuwa "hakuna kasoro za hatari", maneno manne mepesi, na ufupisho huo unabadilisha habari nzima. Kama ndani ya mabirika 3,000 yangekuwamo 30 yenye hitilafu ya hatari, na sampuli ya 125 ikachukuliwa kwa nasibu kutoka kwenye yote, uwezekano wa kutokutana na hata moja ni takriban 28 katika 100. Yaani zaidi ya mara moja katika kila nne, mkaguzi mwaminifu angeandika sufuri na mabirika 30 yangeingia madukani.

Jambo linakuwa zito zaidi kwenye majaribio. Vipimo vya kuangalia kwa macho, pamoja na jaribio la volti kubwa la kupima kama umeme unavuja kwenye mwili wa birika, vilifanywa kwa sampuli yote ya 125. Lakini jaribio la kuchemsha maji hadi birika lijizime, na lile la kuliwasha bila maji kuona kama kinga inakata umeme, yalifanywa kwa ngazi maalumu ya S-2, ambayo kwa fungu la ukubwa huu ni vipande 8. Kwenye ripoti hilo lilionekana kama safu nyembamba yenye herufi na namba, pembeni ya jina la jaribio. Nililiandika kwa maneno kamili chini ya kila jaribio: limefanywa kwa vipande 8. Vinginevyo msomaji aliyeona 125 mwanzoni angeibeba namba hiyo hadi mwisho, akaamini kwamba mabirika 125 yalichemshwa.

Mwisho wa ripoti kulikuwa na sehemu ya maoni, ambayo mara nyingi hutafsiriwa kwa uchovu kwa sababu inakuja baada ya picha nyingi. Humo mkaguzi aliandika kwamba waya wa umeme ulipimwa ukawa sentimita 68 katika vipande vyote vilivyopimwa, wakati oda ilitaka sentimita 75, na kwamba jambo hilo linasubiri uamuzi wa mteja. Kasoro iliyopo kwenye kila kipande kwa kawaida haiingizwi kwenye hesabu ya sampuli, kwa kuwa hakuna cha kukisia; inaandikwa kwenye maoni, na mnunuzi ndiye anayeamua. Kwa hiyo upungufu ulioligusa kila birika lililopimwa haukuonekana popote kwenye jedwali la 6 na 12. Sikuuhamisha mahali pake katika tafsiri, lakini uliongoza barua yangu.

Karibu na saini kulikuwa na kifungu kinachosema kwamba matokeo hayamwondolei msambazaji wajibu wake chini ya mkataba. Kinafanana na maneno ya kisheria yanayojirudia kila mahali, na kuna wafasiri wanaokiacha. Kwa mnunuzi wetu ndicho kilichokuwa na faida ya moja kwa moja, kwa kuwa wakala wa kiwanda alikuwa amekwisha kumwandikia kwamba kasoro kubwa zimepita na hivyo hakuna haja ya kugusa yale yanayovuja. ISO 2859-1 yenyewe inampa mnunuzi haki ya kukataa kipande chochote chenye kasoro kilichoonekana, hata kama fungu limekubaliwa. Nilimpa namba ya ukurasa wa ripoti na maneno ya kifungu kwa lugha zote mbili, akayanakili kwenye jibu lake.

Hakulipa asilimia 70. Kiwanda kilikubali kupitia mabirika yote moja moja, kusafisha gundi, kutenga yenye mikwaruzo, kupima kuvuja kwa kujaza maji, na kugharimia ukaguzi wa pili. Waya wa sentimita 68 aliukubali kwa punguzo la bei, kwa kuwa alijua meza za wateja wake zilivyo karibu na soketi. Ukaguzi wa pili ulifanywa mabirika yote 3,000 yakiwa yamefungashwa, na ripoti yake ilipokuja niliitafsiri kwa maneno yaleyale ya mwanzo, hata pale ambapo ningeweza kupata neno zuri zaidi, ili aweze kuziweka ripoti mbili kando kwa kando na kulinganisha mstari kwa mstari.

Kwa oda iliyofuata alinituma kutafsiri upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza: maagizo yake kwa kampuni ya ukaguzi. Kuvuja popote kwenye mwili wa birika kuhesabiwe kasoro ya hatari. Majaribio ya kuchemsha na ya kuwasha bila maji yafanywe kwa ngazi ya S-4, yaani vipande 32. Na ukaguzi usianze kabla mzigo wote haujafungwa kwenye katoni.